Kikao cha kusimama cha asubuhi katika ofisi ya uwakala wa forodha: kitabakije ndani ya dakika 15 na bado kiwe na faida?

Mratibu wa Kurasini · Jumatatu, saa 3:10 asubuhi

Habari za asubuhi, ndugu wachangiaji. Ninaratibu shughuli katika ofisi ya uwakala wa forodha jijini Dar es Salaam. Tuko watu tisa: wawili wanaandaa nyaraka na kuingiza kadhia, yaani tamko la mzigo, kwenye mfumo wa forodha, watatu wanashinda bandarini na kwenye bandari kavu, mmoja anapanga malori, mmoja ni mhasibu, mmoja anapokea wateja, na mimi mwenyewe. Meneja wetu naye huhudhuria.

Tulianzisha kikao cha kusimama kila siku saa 1:45 asubuhi, kabla vijana wa bandarini hawajatoka. Kila mtu anaeleza alichofanya jana, atakachofanya leo na kinachomkwamisha. Kilipangwa kiwe cha dakika 15, lakini siku nyingi kinafika 35 au 40, na vijana wanaondoka wamekwisha kuchelewa foleni.

Kinachonisumbua zaidi si muda. Majuzi kontena moja liliingia kwenye tozo ya hifadhi bandarini, ilhali asubuhi ileile watu watatu walikuwa wameligusa kikaoni. Wa nyaraka alisema anasubiri mteja alipe kodi. Wa wateja alisema mteja huyo ametuma hati ya benki, na akaendelea na mambo mengine sita. Mhasibu, ambaye zamu yake ilikuwa karibu na mwisho, alisema ana hati kadhaa za kuhakiki benki. Kila mmoja alisema kweli, na hakuna aliyeviunganisha vipande hivyo vitatu. Naomba mwongozo wa watu waliokwisha kuendesha vikao hivi katika timu zisizo za kompyuta, kwa maana karibu kila ninachokisoma kimeandikwa kwa ajili ya wanaotengeneza programu.

---

Mwl. Sudi · saa 3:42 asubuhi

Ndugu Mratibu, tatizo lenu ni nidhamu. Nimeendesha vikao vya namna hii katika idara ya mitihani, na siri yake ni maswali matatu yale yale, yakijibiwa kwa sekunde 90 na si zaidi. Wekeni simu mezani ikihesabu, na ikilia mtu anyamaze hata kama sentensi haijaisha. Anayechelewa alipe shilingi 1,000 kwenye mfuko wa chai. Watu wote wasimame, asiegemee mtu ukuta wala meza. Upo utafiti uliochapishwa mwaka 1999 uliolinganisha makundi yaliyokutana yakiwa yamesimama na yaliyokaa, na waliokaa walitumia muda mrefu zaidi kwa asilimia 34 bila kutoa maamuzi bora. Maswali matatu ndiyo kiini cha kikao. Mkiyaacha, mtakuwa na mazungumzo ya kawaida tu.

---

Mwendo wa Shehena · saa 4:25 asubuhi

Mwalimu Sudi, kwa heshima zote, nakubaliana nawe kuhusu kusimama na kuanza kwa wakati, lakini kwenye maswali matatu naomba tutofautiane, kwa sababu ndiyo yaliyomfikisha Ndugu Mratibu hapo alipo.

Tuanze na hesabu. Watu kumi wakitumia sekunde 90 kila mmoja, ni dakika 15 kamili, na hapo hakuna aliyeuliza swali, aliyejibiwa wala aliyekohoa. Kikao cha namna hiyo kinaweza kutimiza muda wake pale tu ambapo watu hawazungumzi wao kwa wao, yaani pale ambapo hakina kazi. Hata wale walioyaeneza maswali hayo hawayashikilii tena: katika Mwongozo wa Scrum, yaani utaratibu wa kazi ulioenea kwa timu za programu, uliotolewa mwaka 2020, maswali matatu yaliondolewa, na timu ikaachiwa ichague namna yoyote mradi ukomo wa dakika 15 ubaki na kikao kiishie kwenye mpango wa siku.

Sasa tazameni kontena la Ndugu Mratibu. Habari yake ilikuwa imegawanyika katika vichwa vya watu watatu, na utaratibu wa kwenda mtu kwa mtu ulihakikisha kwamba vipande hivyo vinasemwa kwa kupishana dakika kumi, vikichanganywa na habari za mafaili mengine ishirini. Msikilizaji angelazimika kuvikumbuka na kuviunganisha mwenyewe. Lau wangekwenda faili kwa faili, swali lingekuwa moja: "Faili hili linasubiri nini?" Wa nyaraka angesema linasubiri malipo ya mteja, wa wateja angemkatiza papo hapo kwamba hati ya benki imekuja, na mhasibu angejua kwamba kati ya hati zote alizonazo, hiyo ndiyo ya kuhakiki kwanza. Ingechukua nusu dakika.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: acheni kuwauliza watu, yaulizeni mafaili. Ofisi yenu ina bahati ambayo timu nyingi hazina, kwamba kazi yenu ni vitu vinavyosafiri hatua kwa hatua na vyenye tarehe.

---

Mwl. Sudi · saa 4:51 asubuhi

Nakubali hesabu ya watu kumi. Idara yetu ilikuwa na watu watano, na kwa watano maswali yalitosha. Hata hivyo naona hatari katika pendekezo lako. Mkizungumzia mafaili tu, yupo mtu atakayepita wiki nzima bila kutamka neno, na hamtajua kama anafanya kazi au anakwepa. Na utafiti nilioutaja bado unasimama.

---

Mwendo wa Shehena · saa 5:08 asubuhi

Utafiti ni wa kweli, Mwalimu, na hata makundi yake yalikuwa ya watu watano watano, kila kundi likiwa na jambo moja la kuamua. Kwa hiyo unatuambia kwamba kusimama kunafupisha mazungumzo. Hautuambii ni mazungumzo gani yafanywe na watu kumi wenye mafaili mengi. Ama kuhusu mtu anayekwepa, hilo ni jambo la msimamizi na mtu huyo wakiwa wawili. Kikao cha asubuhi kikigeuzwa kuwa mahali pa kuthibitisha kwamba kila mmoja ana shughuli, watu watajieleza, na maelezo ya kujitetea hayajawahi kuwa mafupi.

---

Nesi wa Zamu ya Usiku · saa 6:30 mchana

Samahanini kwa kuingilia, mimi ni muuguzi na si mtu wa bandari. Kwetu kikao hiki tunakifanya kila asubuhi na kila jioni, na hatuwezi kukimaliza kwa dakika 15 katika wodi yenye wagonjwa wengi, wala sioni kama ni salama kukikata. Tunapita kitanda hadi kitanda. Anayeondoka anaeleza hali ya mgonjwa, dawa alizopewa na saa alizopewa, vipimo vinavyosubiriwa, na jambo la kuangaliwa kwa karibu. Anayeingia anauliza mpaka aridhike. Ningemshauri Ndugu Mratibu asiogope dakika 40 ikiwa ndizo zinazohitajika, maana kitu kisiposemwa asubuhi kinaweza kuleta madhara.

---

Mwendo wa Shehena · saa 7:05 mchana

Dada Nesi, hujaingilia, ila unachokieleza ni makabidhiano ya zamu, na hicho ni kitu kingine. Katika makabidhiano jukumu linahama: wewe unaondoka, mwenzako anabaki na mgonjwa, na usipomwambia saa ya dawa hana pengine pa kuipata isipokuwa kwenye karatasi. Ndiyo maana maelezo lazima yawe kamili. Katika ofisi ya Ndugu Mratibu jukumu halihami. Aliyeandaa kadhia jana ndiye anayeishika leo, na yupo siku nzima kuulizwa. Kikao kinahitaji kutoa kitu kimoja tu: nani anapaswa kumtafuta nani leo, juu ya faili gani, kabla ya saa ngapi.

Lakini tazameni jambo moja kwenye maelezo yake. Wauguzi hawapiti muuguzi kwa muuguzi. Wanapita kitanda kwa kitanda. Wanajua kwamba habari za mgonjwa mmoja zikitawanywa kwa watu wanne hakuna atakayemwona mgonjwa mzima.

---

Nesi wa Zamu ya Usiku · saa 7:19 mchana

Hapo nimekuelewa. Ningeongeza tu kwamba hata sisi mgonjwa aliye imara tunampitia kwa sentensi moja, na muda tunaubakiza kwa yule aliyebadilika usiku.

---

Mratibu wa Kurasini · saa 8:40 mchana

Ninawashukuru nyote. Hoja ya mafaili imeniingia, lakini ninaona kikwazo kingine. Kwa kawaida tuna mafaili yapatayo arobaini yaliyo wazi kwa wakati mmoja. Tukilipa kila faili nusu dakika, tumerudi kwenye dakika 20, na tukilipa dakika moja tumeharibu kabisa. Tunachaguaje ya kuyazungumza bila kulisahau lile ambalo litatuumiza?

---

Mwendo wa Shehena · saa 9:55 alasiri

Swali hili ndilo lenye uzito kuliko yote, kwa hiyo mniwie radhi kwa urefu.

Wekeni ubao ukutani, mahali ambapo watu kumi wanaweza kusimama mbele yake kwa nusu duara. Ugaweni kwa safu zinazofuata safari ya mzigo kama mnavyoifanya ninyi, si kama ilivyo kwenye vitabu. Kwa ofisi nyingi ninazozifahamu, safu hizo ni hizi kutoka kushoto: nyaraka hazijakamilika, kadhia imeingizwa, kodi inasubiri kulipwa, ukaguzi na kuachiliwa, mzigo unasubiri lori, kontena tupu halijarudishwa. Kila faili liwe na kadi moja yenye jina la mteja, namba ya faili, na tarehe mbili.

Nasema tarehe mbili kwa sababu kuna saa mbili zinazokimbia, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni siku ambayo muda wa bure wa hifadhi bandarini unakwisha. Ya pili ni siku ambayo kampuni ya meli itaanza kutoza kwa kuchelewesha kontena lake, na saa hiyo haisimami mzigo unapomfikia mteja. Inasimama kontena tupu linaporudi kwenye yadi iliyoelekezwa. Hapo ndipo fedha nyingi hupotea kimyakimya, kwa sababu ofisi nzima inaliona faili kuwa limekwisha tangu lori lilipotoka getini, na ni mpanga malori peke yake anayejua kwamba kontena bado limekaa kwenye ghala la mteja likisubiri wapakuzi.

Kwa sababu hiyo, kikao kianzie kulia, kwenye safu ya makontena matupu, na kirudi kushoto. Kinachokaribia kumalizika kimekwisha kugharimiwa, tarehe zake ziko karibu, na mara nyingi kinahitaji simu moja tu. Mkianzia kushoto mtatumia dakika zenu zote kwenye mafaili mapya ambayo meli yake hata haijatia nanga.

Sasa uchaguzi. Msizungumzie kadi zote. Kabla ya kikao, wewe Mratibu pitia ubao peke yako kwa dakika tano, ukiweka alama nyekundu kwenye kadi yoyote yenye moja kati ya hali tatu: tarehe yake mojawapo iko ndani ya siku mbili za kazi, au kadi haijasogea tangu jana na ilitarajiwa isogee, au mwenye faili ameomba msaada. Kikao ni cha kadi zenye alama. Zikiwa saba au nane, mkizipa dakika moja na kidogo kila moja, mtamaliza kwenye dakika ya kumi. Baada ya hapo uliza swali moja kwa wote: je, yupo anayejua jambo la faili lisilo na alama ambalo sisi hatulijui? Swali hilo ndilo kinga yenu dhidi ya ulichokisahau, na ndilo linalompa nafasi yule ambaye Mwalimu Sudi anahofia atanyamaza.

Kila kadi iliyozungumzwa iache jina na saa. "Tutafuatilia" haliandikwi. Kinachoandikwa ni kwamba mhasibu atahakiki benki kabla ya saa 4:00 na kumpigia wa nyaraka. Na mazungumzo yakifika mahali ambapo watu wawili wanabishana huku wanane wakiwatazama, msimamizi aseme "mbaki ninyi wawili", aandike majina yao pembeni mwa ubao, na kikao kiendelee. Wabaki kweli, palepale, mara tu wengine wanapotawanyika. Wakiahidiana kukutana baadaye, hawatakutana.

---

Fundi Ratiba · saa 11:20 jioni

Nimesoma yote, na ninauliza kwa nia njema: kwa nini kuwepo kikao kabisa? Mambo haya yote yanaweza kuwekwa kwenye jedwali moja la mtandaoni na kundi la WhatsApp. Vijana wa bandarini wangeanza safari saa 1:30 bila kupitia ofisini, na tungepata kila siku zaidi ya saa mbili za kazi ukijumlisha dakika za watu kumi. Sisi tulifuta kikao cha asubuhi, na hakuna aliyekililia.

---

Mwendo wa Shehena · saa 12:02 jioni

Jedwali ni zuri, na ubao wa ukutani unaweza kuwa jedwali. Ila kundi la WhatsApp halina mpangilio wa faili. Lina mpangilio wa saa. Ujumbe wa anayepokea wateja kwamba hati ya benki imekuja utafunikwa na jumbe nyingine thelathini kabla mhasibu hajaufungua. Mnaofanya kazi zisizotegemeana mnaweza kuishi bila kikao, na sitabisha. Hapa faili moja linapita mikononi mwa watu watano, na kila mpito ni mahali pa kukwama.

---

Fundi Ratiba · saa 12:15 jioni

Bado naona kwamba kadi nane zenye alama zingeweza kushughulikiwa kwa simu nane fupi za Mratibu, bila kuwasimamisha watu ambao hawahusiki nazo. Tutofautiane kwa amani.

---

Mpakani Tunduma · Jumanne, saa 2:05 asubuhi

Habari zenu wakuu. Mimi niko Tunduma kwa ajili ya mizigo inayokwenda Zambia na Kongo, na ofisi yetu kuu iko Dar. Kila asubuhi wananiunganisha kwa simu iliyowekwa mezani, nao wamesimama mbele ya ubao nisiouona. Nasikia "hii hapa inaendaje?" na "ile ya juu je?", na sijui wanazungumzia nini. Ninaposema lori limekwama kwenye foleni, wananijibu baada ya kimya kirefu kwa sababu hawanisikii vizuri. Nifanyeje, au niwaombe wanitoe?

---

Binti wa Nyaraka · saa 2:48 asubuhi

Kaka Tunduma, kwetu tulikuwa na mwenzetu Namanga mwenye tatizo hilohilo. Kilichosaidia ni vitu viwili. Msimamizi hupiga picha ya ubao dakika kumi kabla na kumtumia, na ni marufuku kusema "hii" au "ile". Mtu lazima ataje jina la mteja na namba ya mwisho ya faili. Pia mafaili ya mpakani huzungumzwa kwanza, kabla ya yote, kisha yuko huru kukata simu akaendelea na kazi yake.

Nikiwa hapa, naomba kusema neno kuhusu jambo ambalo halijaguswa. Mimi ndiye mdogo kuliko wote ofisini kwetu kwa umri na kwa cheo. Meneja anapokuwepo, watu wote wanamtazama yeye wanapozungumza, na kila faili "linaendelea vizuri". Akiwa safarini, mambo yanayotajwa ni tofauti kabisa: kadhia iliyorudishwa kwa sababu ya thamani ya mzigo kutiliwa shaka, ankara ya mteja isiyolingana na orodha ya mzigo, cheti kilichoombwa kwa kuchelewa. Si kwamba watu ni waongo. Ukisema mbele yake kwamba faili limekwama, swali linalofuata ni kwa nini hukulishughulikia jana, na hilo hujibiwa mbele ya watu wote. Ubao na alama nyekundu havitabadilisha hili. Mimi ningenyamaza mbele ya ubao kama ninavyonyamaza sasa.

---

Mwl. Sudi · saa 3:15 asubuhi

Binti yangu, umesema kweli, na ninaliondoa pendekezo langu la faini kwa sababu hiyohiyo. Faini inamfanya anayechelewa akwepe kikao kabisa, kama vile swali la "kwa nini" linavyomfanya mwenye tatizo alifiche. Ila meneja asipokuwepo, nani ataamua yale yanayohitaji fedha? Mteja asipolipa na ofisi ikitaka kumkopesha kodi, karani hawezi kuamua.

---

Mwendo wa Shehena · saa 4:00 asubuhi

Binti wa Nyaraka ametaja kitu ambacho hakitengenezwi kwa ubao, nami sitajifanya kwamba kinatengenezwa. Ninachoweza kusema ni yale niliyoyaona yakipunguza uzito wake.

La kwanza, meneja asiendeshe kikao na asisimame karibu na ubao. Asimame nyuma ya nusu duara, ili anayezungumza awe ameelekea kadi na wenzake. Inaonekana ni jambo dogo, lakini mtu akimpa meneja mgongo huacha kutoa ripoti. La pili, maswali ya meneja yawe ya aina moja tu ndani ya zile dakika 15: "Unahitaji nini kwangu?" Swali la kwa nini halikufanyika jana lina mahali pake, nalo ni ofisini kwake, mchana, wakiwa wawili. La tatu, alama nyekundu iwekwe kwa sababu ya tarehe, na si kwa sababu ya mtu kukiri. Hapo karani mdogo hahitaji ujasiri wa kusema "nimekwama". Tarehe imekwisha kusema, na yeye anajaza tu kinachosubiriwa.

Na neno "linaendelea" mlichunge. Kadi ikisemwa kuwa inaendelea kwa siku ya pili ikiwa katika safu ileile, msimamizi aulize kwa upole: "Ni kitu gani kitaonekana leo jioni ambacho hakikuwepo asubuhi?" Asiyekuwa na jibu amekwama, hata kama hajui. Dalili nyingine kwamba kikao kimeanza kufa ni pale watu wanapoanza kuzungumza kwa uhai zaidi kwenye ngazi, baada ya kikao, kuliko walivyozungumza ndani yake. Mkisikia hivyo, kuna kitu wanachokiogopa mbele ya ubao.

Kuhusu swali lako, Mwalimu: meneja awepo, hasa kwa ajili ya fedha. Ninachopinga ni yeye kuwa msikilizaji mkuu.

---

Binti wa Nyaraka · saa 4:20 asubuhi

Alama kuwekwa kwa sababu ya tarehe, hilo nimelipenda. Swali la "unahitaji nini kwangu" ningependa kuamini kwamba meneja wetu ataweza kubaki nalo kwa zaidi ya siku mbili.

---

Mratibu wa Kurasini · Ijumaa ya wiki iliyofuata, saa 5:30 asubuhi

Ndugu zangu, nimerudi kuwapa mrejesho, na naomba niwasimulie kikao cha leo kama kilivyokuwa.

Ubao una kadi 38. Nilipoupitia saa 1:30 niliweka alama nane. Tulianza saa 1:45 kulia. Kadi ya kwanza ilikuwa ya kontena tupu lililoko kwenye ghala la mteja wa vigae, tarehe ya kampuni ya meli ikiwa ni Jumatatu. Mpanga malori alisema mteja anasubiri wapakuzi. Wa wateja akasema mteja huyo alimwambia jana kwamba wapakuzi wapo, anachosubiri ni lori. Kila upande ulikuwa ukimsubiri mwenzake, na yumkini wangeendelea hivyo hadi Jumatatu. Lori linakwenda leo saa 8:00 mchana. Tulitumia chini ya dakika moja, na kwa kadi hiyo peke yake ninaona kikao kimejilipa.

Kadi mbili za mzigo unaosubiri lori zilikwenda haraka. Kwenye ukaguzi palizuka ubishi kati ya kijana wa bandarini na wa nyaraka kuhusu uzito ulioandikwa kwenye kadhia kutolingana na uzito wa mizani, nami nikawaandika majina pembeni. Walibaki na wakamaliza wenyewe. Kadi tatu za kodi ziliishia kwa mhasibu na saa zake. Ya mwisho ilikuwa ya nyaraka: mteja hajaleta cheti cha uasilia wa bidhaa, na wa nyaraka, ambaye kwa kawaida huzungumza kidogo, alisema anahitaji meneja ampigie mteja mwenyewe kwa sababu yeye hasikilizwi. Meneja alikubali. Kisha nikauliza lile swali la wote, na mmoja wa vijana akasema mashine ya kushusha makontena katika bandari kavu mojawapo imeharibika tangu jana jioni. Tulihamisha mpangilio wa malori mawili papo hapo. Tulimaliza saa 1:58.

Yapo yaliyobaki. Meneja bado anauliza "kwa nini", ingawa si kila siku. Jingine linamhusu mhasibu, ambaye amenijia akisema kwamba kati ya kadi nane zinazomhusu ni tatu, na kwamba asimame mwanzo mpaka mwisho kwa ajili ya hizo tatu ni kumpotezea muda wa kufunga hesabu. Amependekeza aje wakati wa safu ya kodi tu kisha aondoke. Nimkubalie?

---

Fundi Ratiba · saa 5:52 asubuhi

Mkubalie. Yeye ndiye wa kwanza kuona nilichokisema.

---

Mwendo wa Shehena · saa 6:10 mchana

Nisingemkubalia, angalau kwa sasa. Ile kadi ya vigae haikuwa ya mhasibu, lakini kama lori lisingekwenda leo, tozo ya kampuni ya meli ingekuja mezani kwake bila yeye kujua imetoka wapi, na angebishana na mteja kuhusu nani ailipe. Lakini kama safu ya kodi inamhusu kuliko nyingine, mnaweza kuipeleka iwe ya kwanza siku za kufunga hesabu, na siku hizo tu, halafu aondoke. Mkifanya hivyo, angalieni kama wengine nao wataanza kuomba safu zao zitangulizwe.

---

Mpakani Tunduma · saa 6:33 mchana

Kwetu walianza kunitumia picha ya ubao, na mafaili yangu sasa yanatangulia. Tatizo lililobaki ni kwamba picha inafika, ila maandishi ya kadi ni madogo mno kusomeka kwenye simu. Binti wa Nyaraka, ninyi mlitumia kalamu ya unene gani?

---

Binti wa Nyaraka · saa 6:41 mchana

Kalamu ya kuandikia maboksi, kaka, na kwenye kadi tunaandika jina la mteja, namba ya faili na zile tarehe mbili kwa herufi kubwa. Mengine yote yanabaki ndani ya faili.